Asilimia 3 iliyo ghali kuliko asilimia 3.5

*Shikamoo dada. Nauza vitenge na khanga sokoni hapa Morogoro. Nataka mkopo wa shilingi 1,200,000 wa mwaka mmoja, niongeze mzigo kabla ya sikukuu. Nimepata kampuni mbili, zote zina leseni. Ya kwanza riba yake ni asilimia 3 kwa mwezi, rejesho 136,000 kila mwezi. Ya pili ni asilimia 3.5, rejesho la kwanza 142,000 halafu linashuka. Afisa mikopo wa kampuni ya kwanza kaniambia na kwao pia inapungua, akanionyesha kwenye jedwali salio linavyoshuka. Shemeji yangu ndiye mdhamini, naye anasema nichukue ya asilimia 3. Sijasaini popote. Nimezipiga picha karatasi za mikataba yote miwili kwa simu, nakutumia. Ipi ni ghali kwa mwaka mzima? Na nikipata pesa katikati nikataka kumaliza deni, inakuwaje?*

*Mama Wawili, Morogoro*

Marahaba mama. Chukua ya pili, ile ya asilimia 3.5. Kwa mkopo uleule na miezi ileile 12, kampuni ya kwanza itakutoza riba ya shilingi 432,000 na ya pili itakutoza 273,000. Hapo umeshapishana na shilingi 159,000, na bado hatujagusa makato ya mwanzoni, ambayo yanaipeleka ya kwanza mbali zaidi.

Sitaki uniamini kwa maneno tu, kwa sababu shemeji yako atakuuliza, na ana haki ya kuuliza maana jina lake ndilo litakalofuatwa ukikwama. Kwa hiyo fungua zile picha kwenye simu twende pamoja.

Anza na picha ya jedwali la marejesho la kampuni ya kwanza. Lina safu tano: mwezi, deni la msingi, riba, rejesho na salio. Safu ya salio, ile ya mwisho kulia, ndiyo afisa aliyokuwekea kidole. Juu kabisa, kabla hujalipa hata senti, imeandikwa 1,632,000. Mwezi wa kwanza inakuwa 1,496,000, wa pili 1,360,000, na inateremka hivyo mpaka sifuri. Hakukudanganya aliposema inashuka. Lakini tazama hiyo namba ya juu. Wewe unakopa 1,200,000, sasa 1,632,000 imetoka wapi? Ni mkopo wako pamoja na riba yote ya mwaka mzima, imeshahesabiwa na kujumlishwa siku ya kwanza. Salio la namna hiyo lazima lishuke, kwa sababu kila mtu anayelipa deni salio lake hushuka. Halikuambii lolote kuhusu jinsi riba inavyopigwa.

Safu ya kutazama ni ya riba. Mstari wa kwanza 36,000. Wa pili 36,000. Teremka mpaka mwezi wa 12, ni 36,000 ileile. Hapo ndipo pa kusimama. Mwezi wa kwanza unatumia 1,200,000 ya watu, na asilimia 3 yake ni 36,000, sawa. Lakini kufika mwezi wa 12 umeshalipa deni la msingi mara 11, shilingi 100,000 kila mara. Kilichobaki mikononi mwako ni 100,000 peke yake. Bado unatozwa 36,000 kana kwamba ile 1,200,000 yote ingali kwako. Kwa mwezi huo mmoja unalipia asilimia 36 ya pesa uliyobaki nayo.

Sasa fungua jedwali la kampuni ya pili, safu hiyohiyo. Mwezi wa kwanza riba ni 42,000, wa pili 38,500, wa tatu 35,000, inashuka kwa 3,500 kila mwezi mpaka ya mwisho inakuwa 3,500. Hapa kila mwezi wanapiga asilimia 3.5 kwenye deni la msingi lililobaki tu. Mwezi wa pili unadaiwa 1,100,000, kwa hiyo 3.5 ya hiyo ndiyo 38,500. Hii ndiyo riba inayopungua, au riba ya salio. Ile ya kwanza ni riba isiyopungua, ambayo maafisa wengi huiita flati. Ukikuta safu ya riba ina namba moja kutoka juu hadi chini, hiyo ni flati, hata kama afisa anaiita jina gani.

Hata rejesho lililokutisha, 142,000 dhidi ya 136,000, angalia linaendaje. Mwezi wa kwanza kampuni ya pili inakutaka 6,000 zaidi ya ya kwanza. Mwezi wa pili rejesho ni 138,500, yaani 2,500 zaidi. Mwezi wa tatu ni 135,000, umeshapita chini ya 136,000, na kuanzia hapo kila mwezi unalipa kidogo kuliko ungelipa kule, mpaka rejesho la mwisho la 103,500. Kwa hiyo ziada yote utakayolipa kwenye mkopo wa pili ni shilingi 8,500 katika miezi miwili ya mwanzo. Nazisema kwa sababu najua biashara ya sokoni: mwezi wa kwanza mzigo unakuwa ndio kwanza umefunguliwa, pesa haijarudi. Basi tenga hizo 8,500 kwenye mkopo wenyewe kabla hujaenda kununua vitenge.

Wapo watakaopewa mkataba usio na jedwali, na nimeona picha nyingi za namna hiyo: ukurasa mmoja, riba, rejesho, sahihi. Hata hapo flati haijifichi. Zidisha rejesho kwa idadi ya miezi: 136,000 mara 12 ni 1,632,000. Toa mkopo, inabaki 432,000. Halafu pembeni piga mkopo wote mara asilimia ya mwezi mara miezi: 1,200,000 mara asilimia 3 ni 36,000, mara 12 ni 432,000. Namba mbili zikilingana, ni flati. Ingekuwa asilimia 3 ya riba inayopungua, jumla ya riba ingekuwa ndogo kwa mbali, karibu nusu yake.

Sasa kwenye swali lako hasa, gharama ya mwaka. Mtu akiona asilimia 3 kwa mwezi anazidisha kwa 12, anapata asilimia 36 kwa mwaka. Akiona 3.5 anapata 42. Kwa hesabu hiyo shemeji yako yuko sahihi. Kosa liko kwenye swali la asilimia 36 ya nini. Asilimia 36 ya 1,200,000 ingekuwa bei ya haki kama ungekaa na 1,200,000 mwaka mzima. Wewe hukai nayo. Kila mwezi unarudisha kipande.

Njia ya mkono ni kutafuta wastani wa pesa unayokuwa nayo. Mwezi wa kwanza unashika 1,200,000, wa pili 1,100,000, hivyo hivyo mpaka wa mwisho 100,000. Wastani wake ni ya juu kabisa ujumlishe ya chini kabisa, ugawe kwa mbili: 650,000. Hiyo ndiyo pesa ya watu unayoitumia kwa mwaka, ukiisawazisha. Kwenye kampuni ya pili unalipa riba ya 273,000 kwa kutumia wastani wa 650,000, ambayo ni asilimia 42. Inalingana na walichoandika, yaani 3.5 mara 12, hawakuficha kitu. Kwenye kampuni ya kwanza unalipa 432,000 kwa wastani huohuo, na hiyo ni kama asilimia 66.

Asilimia 66 hiyo imezidi kidogo, na ni vizuri ujue kwa nini, maana afisa mwerevu anaweza kukukosoa. Tumechukulia kwamba kwenye mkopo wa kwanza deni la msingi linashuka kwa 100,000 sawasawa kila mwezi, kama karatasi inavyodai. Ukitaka bei halisi unatafuta asilimia moja ya mwezi ambayo, ukiipiga kwenye salio linalobaki na kulipa 136,000 ileile, deni linaisha mwezi wa 12. Kompyuta au simu yenye programu ya majedwali huitafuta mara moja. Mwambie kijana wako aandike hivi kwenye kisanduku kimoja:

```
=RATE(12,-136000,1200000)
```

Jibu ni asilimia 5.08 kwa mwezi. Akiona 5% tu, aongeze nafasi za desimali. Zidisha kwa 12, unapata kama asilimia 61 kwa mwaka.

Kuhakikisha kwamba namba hiyo si ya kubuni, fanya miezi miwili kwa kikokotoo. Unadaiwa 1,200,000, asilimia 5.08 yake ni 60,960. Unalipa 136,000, kwa hiyo 75,040 inapunguza deni, linabaki 1,124,960. Mwezi wa pili asilimia 5.08 ya hiyo ni 57,148, inayobaki kwenye 136,000 ni 78,852, deni linakuwa 1,046,108. Ukiendelea hivyo, rejesho la 12 linaliacha deni karibu na sifuri. Maana yake kampuni ya kwanza ingeweza kukuandikia mkataba wa riba inayopungua ya asilimia 5.08 kwa mwezi na kukutoza rejesho lilelile la 136,000. Ungeiona 5.08 ungeikimbia. Ukiandikiwa 3 unaisogelea. Pesa inayotoka mfukoni mwako ni ileile.

Kwa hiyo 61 dhidi ya 42. Sasa makato.

Kwenye ukurasa wa pili wa mkataba wa kampuni ya kwanza, chini ya jedwali, picha imekatika ukingo wa kulia, lakini mistari mitatu inasomeka: ada ya kushughulikia mkopo asilimia 2, bima ya mkopo asilimia 1, na dhamana ya fedha taslimu asilimia 10, ambayo inarudishwa mkopo ukiisha. Vyote vinakatwa kabla hujapewa pesa. Tufanye hesabu. Ada ni 24,000, bima 12,000, dhamana 120,000. Kwa hiyo siku ya kupokea mkopo wa 1,200,000, utaondoka na 1,044,000. Riba utaendelea kulipa ya 1,200,000 nzima, pamoja na ile 120,000 ambayo hukuitia mkononi hata siku moja, iliyokaa kwao muda wote.

Hii dhamana ndiyo inayoniuma zaidi katika mikataba ya namna hii, kwa sababu haionekani kama gharama. Utaambiwa ni pesa yako na utarudishiwa. Ni kweli utarudishiwa, lakini mwaka mzima unakuwa umekopeshwa pesa yako mwenyewe kwa riba. Andika tena kwenye kisanduku, safari hii kwa pesa uliyopokea kweli, na 120,000 inayorudi mwishoni:

```
=RATE(12,-136000,1044000,120000)
```

Jibu ni kama 6.67 kwa mwezi, karibu asilimia 80 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei ya mkopo ulioandikwa asilimia 3.

Kampuni ya pili ina kato moja linaloonekana kwenye picha, ada ya asilimia 1, yaani 12,000. Utapokea 1,188,000. Kwa kuwa rejesho lao hubadilika kila mwezi, fomula hiyo fupi haifai. Inabidi uorodheshe malipo yote 12 kwenye safu moja, kila moja likiwa na alama ya kutoa mbele yake, juu yake uweke pesa uliyopokea bila alama hiyo, kisha utumie `IRR` na jibu ulizidishe kwa 12. Nimeiorodhesha kwa ajili yako na gharama inapanda kutoka asilimia 42 hadi kama 44. Basi linganisho lako la kweli ni 80 kwa 44, wala si 3 kwa 3.5.

Mahali pamoja nitaitetea flati, ili usije ukaikataa hata pale isipokudhuru. Kama mkopo unalipwa wote mara moja mwishoni, flati na inayopungua zinatoa jibu moja. Mkulima akikopa 1,200,000 kwa miezi sita kwa asilimia 3, asilipe chochote mpaka avune, halafu alete 1,416,000, ametumia pesa yote miezi yote sita, na asilimia 3 ni asilimia 3 kweli. Deni la msingi halikupungua, kwa hiyo hakuna alichotozwa asichokitumia. Ni pale marejesho yanapoanza kila mwezi, au kila wiki, ndipo bei iliyoandikwa na bei ya kweli zinapoachana.

Kumaliza mapema nako kunategemea mkataba gani. Chukulia mauzo ya sikukuu yamekwenda vizuri, na baada ya rejesho la sita unataka kufunga deni. Kwenye kampuni ya pili, deni la msingi lililobaki ni 600,000, na ndilo utakalodaiwa, pamoja na riba ya siku zilizopita tangu rejesho la mwisho kama umepitisha tarehe. Riba ya miezi sita inayofuata haipo, kwa kuwa haijazaliwa bado.

Kwenye kampuni ya kwanza salio lao baada ya rejesho la sita litasomeka 816,000. Ndani yake mna 600,000 ya msingi na 216,000 ya riba ya miezi ambayo hujaifikia. Swali ni kama watakusamehe hiyo 216,000. Wapo wakopeshaji wanaosamehe yote, wapo wanaosamehe nusu, na wapo wanaodai yote mpaka senti ya mwisho. Wakidai yote, utakuwa umelipa 432,000 kwa mkopo wa miezi sita, sawa na aliyekaa nao mwaka mzima. Kumaliza mapema kwenye mkopo wa namna hiyo hakukuokolei hata shilingi. Ni heri uiache pesa kwenye mzigo uendelee kulipa taratibu.

Na jibu la swali hilo liko kwenye karatasi ambayo hukunitumia. Kurasa za mkataba wa kampuni ya kwanza zimeandikwa chini "1 kati ya 4", "2 kati ya 4", kisha "4 kati ya 4". Ukurasa wa tatu haumo kwenye picha. Masharti ya kulipa mapema hayapo kwenye kurasa tatu nilizoziona, wala faini ya kuchelewesha rejesho, kwa hiyo bila shaka yako hapo. Huenda ulipiga picha haraka, huenda hawakukupa. Vyovyote iwavyo, mtu asikusainishe kurasa tatu za mkataba wa kurasa nne. Kwenye kampuni ya pili kurasa zote tatu zipo, na sharti la kulipa mapema limeandikwa kwamba mkopaji anadaiwa salio la msingi na riba ya hadi siku ya malipo. Soma tena sentensi hiyo mbele ya afisa wao, umwombe aithibitishe, kwa kuwa ndiyo inayokulinda.

Kuhusu picha zenyewe, rudia zile mbili za jedwali. Weka karatasi mezani, simama juu yake mchana bila kuwasha taa ya simu, hakikisha pembe zote nne za karatasi zinaonekana. Mwanga wa taa umefuta nukta kwenye mstari mmoja wa kampuni ya pili, na ukiangalia haraka 3.5 inasomeka 35. Picha hizo si za kunitumia mimi tu. Zikae kwenye simu yako na ya shemeji, kwa sababu siku mkigombana na mkopeshaji, picha ya mkataba kabla ya kusaini ndiyo itakayoonyesha kama kuna namba iliyobadilishwa baadaye.

Leseni uliyoiona ukutani ina maana yake. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wadogo wamewekwa kwenye madaraja manne, na kampuni kama hizi zako, zinazokopesha bila kupokea amana za wananchi, ni daraja la pili, chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Benki Kuu iliwawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Namba 3 iliyo kwenye karatasi ya kampuni ya kwanza inapita chini ya ukomo huo, ilhali ukiipima kwa salio ni 5.08, na wewe una haki ya kuwauliza kwa maandishi wanahesabuje. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 nazo zinamtaka mkopeshaji akueleze gharama zote kabla ya kusaini. Ukiuliza wakakuzungusha, lalamika kwanza kwao kwa barua uliyobaki na nakala, na wasipokujibu peleka nakala hiyo kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu.

Ile dhamana ya asilimia 10 iulizie pia, hata kama hutachukua mkopo wao, maana majirani zako sokoni huenda wameshakatwa. Inakaa kwenye akaunti ya nani, stakabadhi inatolewa siku ya kukatwa au la, na inarudi siku ngapi baada ya rejesho la mwisho? Nimesoma mikataba inayosema "itarudishwa" bila tarehe, na mwenye mkopo anaishia kuambiwa aongeze mkopo mwingine, dhamana ihamie huko.

Nenda na shemeji yako kwenye kampuni ya pili. Mwonyeshe safu ya riba ya majedwali yote mawili, kwa mpangilio huu: kwanza mstari wa mwezi wa kwanza, ambapo ya pili ni ghali, 42,000 kwa 36,000, kisha mstari wa mwezi wa 12, ambapo ni 3,500 kwa 36,000. Ukiwaonyesha jumla tu watu hubishana, lakini mistari hiyo miwili ikiwekwa sambamba, mtu anaona mwenyewe pesa inakotoka. Naye mdhamini aombe nakala yake ya mkataba wenye jedwali siku hiyohiyo ya kusaini, asisubiri aletewe.

Kisha kabla ya kuweka sahihi, muulize afisa wa kampuni ya pili maswali mawili tu. Kuna kato lolote zaidi ya ile ada ya 12,000, iwe la fomu, la bima, la muhuri au la kikundi? Na siku ya kupokea, kwenye simu yangu au benki itaingia shilingi ngapi kamili? Akisema 1,188,000, aandike kwa mkono pembeni ya jedwali na kusaini hapo. Akitaja namba ndogo zaidi, usisaini siku hiyo. Nitumie hiyo namba niipige upya.